Maumivu ya kisu njia ya haja kubwa usiku: msuli, mchaniko au jipu?

*Madaktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41. Ndani ya miezi minne nimeamshwa usiku mara tatu na maumivu makali ndani ya njia ya haja kubwa, kama mtu ananichoma kisu kutoka chini kwenda juu. Huja ghafla, mara zote kati ya saa saba na saa tisa usiku. Mara ya mwisho niliangalia saa, yalidumu kama dakika 12. Nilitokwa jasho, nikakimbilia chooni nikidhani nimebanwa na haja, nikajikamua, hakitoki kitu, na kidogo nizimie. Kisha yakaisha kana kwamba hayakuwapo. Asubuhi nilienda haja bila shida.*

*Kilichonitia hofu ni kwamba wiki mbili zilizopita nilipata choo kigumu kikanichoma, nikaona damu nyekundu kwenye karatasi, na kwa siku nne kila haja ilikuwa adhabu. Duka la dawa wakanipa antibayotiki na dawa ya bawasiri ya kuchomeka, wakasema huenda ni jipu linaanza. Bado sijazitumia. Je, ni jipu, ni mchaniko, au ni saratani? Na kwa kweli naona haya kwenda kuvuliwa nguo.*

Ndugu, hiyo antibayotiki iache kwenye pakiti yake. Katika barua yako yamo matatizo mawili yasiyo na undugu sana, ila yamekutana mahali pamoja ndani ya miezi ileile, ndiyo maana yanaonekana kama ugonjwa mmoja unaokua. Tuyatenganishe.

Tuanze na la usiku, maana ndilo linalotisha zaidi na ndilo lenye madhara machache zaidi. Ulivyolieleza, linalingana na kile madaktari wanachokiita proktalgia fugaksi. Jina hilo alilitumia daktari wa Denmark aitwaye Thaysen mwaka 1935, na neno fugaksi ni la Kilatini, maana yake ni kinachokimbia. Ni msuli unaojikaza ghafla, ukabana kwa nguvu zake zote, kisha ukaachia. Kama umewahi kuamshwa usiku na msuli wa kigimbi cha mguu uliojikunja kama fundo, basi fikiria jambo hilohilo likitokea mahali usipoweza kupaona wala kupakanda kwa mkono.

Msuli gani hasa? Tundu la haja kubwa limezungukwa na misuli miwili ya mviringo. Wa nje unautawala mwenyewe, ndio unaoubana ukiwa safarini na choo kiko mbali. Wa ndani hauutawali, unajiendesha mchana na usiku bila kukuuliza. Juu kidogo yake kuna misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kama chandarua. Wengi wanaamini kwamba kinachojikaza ni ule msuli wa ndani, au hiyo misuli ya sakafu ya nyonga. Kuukamata ukiwa katika tendo ni kazi ngumu, kwani mgonjwa akifika hospitali msuli umeshalegea zamani, na kila kipimo kinarudi safi. Kwa hiyo ugonjwa huu hautambuliwi kwa mashine. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, pamoja na uchunguzi unaoonyesha kwamba hakuna kingine.

Maelezo yenyewe yana sehemu tatu, na zote ziko kwenye barua yako. Ya kwanza ni muda. Maumivu haya hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa, na hayatakiwi kuzidi dakika 30. Ya pili ni kwamba hayahusiani na haja kubwa, hayaji kwa sababu umetoka chooni. Ya tatu ndiyo tunayoipa uzito kuliko zote, nayo ni hali ya mtu kati ya tukio moja na jingine. Hakuna chochote. Anakaa, anatembea, anaenda haja, anakohoa, na hahisi kitu. Wengi huyapata mara chache tu kwa mwaka, pengine hata tano hazifiki, ingawa yanaweza kukusanyika mwezi mmoja kisha yakapotea nusu mwaka. Kipindi cha mawazo mengi au kufunga choo mara nyingi hutangulia, na wengine huyapata baada ya tendo la ndoa. Kwa wengi hakuna kisababishi kinachoonekana.

Sasa lile la wiki mbili zilizopita. Hilo ndilo linalofanana na mchaniko, yaani ngozi laini ya mlango wa haja kubwa imepasuka kwa sababu choo kigumu kimeitanua kuliko inavyoweza. Mchaniko una mlango wake wa kuingilia, nao ni haja kubwa. Wagonjwa husema ni kama kupitisha vipande vya chupa. Damu ni nyekundu mbichi, kidogo, juu ya karatasi au juu ya choo, haijachanganyika ndani ya kinyesi. Kisha, haja ikishapita, maumivu hubaki yakiunguza na kubana, dakika kadhaa au hata saa kadhaa.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, hata walio kazini. Yale maumivu yanayobaki baada ya haja nayo ni msuli uliojikaza. Kidonda kikiguswa, msuli wa ndani hubana ili kujilinda, na ukibana hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi, na kesho choo kinakigusa tena. Basi ukisikia neno “msuli kubana” usidhani jibu limepatikana. Uliza msuli umebana baada ya nini. Ukibana baada ya haja, tafuta mchaniko. Ukibana katikati ya usingizi bila sababu, na asubuhi haja ikapita kimya, hapo hakuna kidonda kinachoudhi.

Mtego mmoja: mtu mwenye mchaniko akienda haja saa nne usiku, anaweza kulala kisha akaamshwa na maumivu ya mchaniko uleule. Kwa hiyo kabla hujauita ugonjwa wa usiku, jiulize ulienda haja saa ngapi. Wewe maumivu mawili ya mwanzo yalikuja wiki kadhaa kabla ya choo kigumu, na baada ya lile la mwisho ulienda haja asubuhi bila shida. Hilo linatosha kwa sasa kuyaweka kando na mchaniko.

Jipu nalo lina tabia yake, na tabia hiyo ni kutoondoka. Ndani ya ukuta wa tundu la haja kubwa, kati ya ile misuli miwili, kuna vitezi vidogo vya ute. Kimoja kikiziba, bakteria hunaswa ndani na usaha huanza kujikusanya. Usaha hauna njia ya kupunguza shinikizo lake wenyewe, hivyo maumivu hupanda. Leo yanasumbua, kesho yanapwita kwa mapigo ya moyo, keshokutwa huwezi kukalia tako la upande ule, na ukikohoa au ukipiga chafya unashika ukuta. Mara nyingi pembeni mwa tundu huonekana uvimbe mwekundu, wa moto, unaouma ukiguswa, na homa inaweza kufuata. Jipu halikupi dakika 12 za jehanamu kisha likakuachia miezi miwili ya amani.

Lipo jipu moja la kuogopwa kwa ujanja wake, lile linalobaki katikati ya misuli miwili bila kutokeza nje. Ukitazama kwa kioo huoni kitu, ngozi ni safi, na mgonjwa huambiwa ana bawasiri. Linatambuliwa kwa maumivu yasiyokoma yanayozidi siku hadi siku, na kwa kidole cha daktari kinapofika mahali pamoja na mgonjwa akaruka. Kwa hiyo kutokuwa na uvimbe nje si hati ya kukanusha jipu. Kinachokanusha ni kupotea kabisa kwa maumivu.

Na kuhusu ile pakiti uliyopewa: hata kama lingekuwa jipu, antibayotiki peke yake isingelitibu. Usaha uliojifungia hutolewa kwa kupasuliwa na kukamuliwa. Dawa hupunguza homa kwa siku mbili tatu, mgonjwa anadhani anapona, na wakati huo usaha unatafuta njia ya kupenya kwenda pembeni. Sehemu kubwa ya wanaopata jipu la huko hubaki na fistula, kile kitundu kinachovuja kwa miezi. Dawa ya bawasiri ya kuchomeka nayo haina kazi hapa. Haifiki kwenye msuli unaojikaza kwa wakati, na kuipitisha juu ya mchaniko mbichi ni kujiongezea kilio.

Yakija tena usiku

Kwanza usikimbilie kujikamua chooni. Hisia ya kubanwa na haja inatokana na msuli wenyewe kusukuma puru. Mara nyingi hakuna kitu cha kutoa. Kujikamua huku mwili uko katika maumivu makali hushusha mapigo ya moyo na presha, ndiyo maana ulikaribia kuzimia, na kuanguka kwenye sakafu ya choo saa nane usiku kunaweza kukuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Ukihisi kizunguzungu lala chini hapohapo ulipo, ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Pumua taratibu, ukiiacha pumzi ishuke tumboni, na wakati wa kuitoa legeza makalio badala ya kuyabana.

Hapo una mambo mawili ya kujaribu. La kwanza ni joto. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40 hivi, yaani kiwiko kiyavumilie bila kusita. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Usiongeze chumvi wala dawa ya kuua vijidudu, kazi yote inafanywa na joto. Kwa kuwa tukio lako ni la dakika 12, kuchemsha maji wakati huo ni kuchelewa, basi weka maji moto kwenye chupa na beseni karibu ikiwa uko katika kipindi cha kusumbuliwa. La pili ni kuutanua msuli, kwa njia ileile unayovuta vidole vya mguu juu kigimbi kikijikaza. Njia nyepesi ni kubonyeza kwa nguvu ya wastani sehemu iliyo kati ya korodani na tundu la haja kubwa, au kukalia kitu kigumu cha mviringo kama taulo iliyovingirishwa. Wengine huingiza kidole chenye glavu na jeli ya kulainishia, wakakituliza humo bila kukizungusha, na msuli huachia. Hiyo ya kidole usiifanye mpaka ujue mchaniko umepona.

Parasetamoli na ibuprofeni usizitegemee. Kidonge kinahitaji karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, na wakati huo umeshalala.

Iko dawa moja iliyojaribiwa kwa ugonjwa huu, nayo ni salbutamoli ya kuvuta, ile pampu ya wenye pumu, kwa kipimo cha mikrogramu 200. Kwa pampu nyingi hiyo ni mivuto miwili. Ilisaidia kufupisha maumivu, hasa kwa wale ambao tukio lao hudumu dakika 20 au zaidi. Kwa mtu wa dakika 12, mara tatu kwa miezi minne, tungesita kuiandika, kwani mapigo ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka vinaweza kukusumbua kuliko faida utakayoipata. Ukija kuihitaji, aandike daktari aliyeujua moyo wako. Usiazime pampu ya jirani. Dawa za kunywa kila siku ili kuzuia kitu kinachokuja mara chache kwa mwaka, hizo hatuzipendekezi kabisa kwa hali kama yako.

Na mchaniko

Siku nne za adhabu kisha nafuu ni dalili nzuri. Mchaniko mpya mara nyingi hufunga ndani ya wiki kadhaa ikiwa choo kinabaki laini, na hilo ndilo neno zito: kinabaki. Watu hulainisha choo siku tatu, maumivu yakaisha, wakaacha, choo kigumu kimoja kikafungua kidonda upya. Kwa wiki sita mpaka nane hakikisha choo kinatoka laini lakini kina umbo. Ongeza nyuzinyuzi polepole ili tumbo lisijae gesi, na ziambatane na maji, kwani nyuzinyuzi bila maji hugeuka tofali. Kama havitoshi, omba dawa ya kulainisha choo kama laktulozi. Usilenge kuharisha, kwa sababu choo cha maji nacho huchoma kidonda. Hamu ya haja ikija, nenda, na usikae chooni zaidi ya dakika tano ukisoma simu. Maji ya uvuguvugu baada ya haja husaidia hapa pia, kwa sababu ileile ya kulegeza msuli.

Maumivu ya haja yakirudi au yakipita wiki sita, hapo kuna marhamu maalumu za kulegeza msuli wa ndani, ya diltiazemu ya asilimia 2 au ya nitrogliserini ya asilimia 0.2 hadi 0.4, zinazopakwa kwenye mlango mara mbili kwa siku kwa wiki sita hadi nane. Ya nitrogliserini huumiza kichwa kwa watu wengi. Na sikiliza hili vizuri kwa kuwa wanaume huona haya kulisema: kama unatumia sildenafili au dawa nyingine ya jamii hiyo ya nguvu za kiume, nitrogliserini ni marufuku, hata ya kupaka. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka hadi mtu akapoteza maisha.

Kuhusu kuvuliwa nguo

Utakwenda, ndugu, ila si kwa sababu ya usiku. Utakwenda kwa sababu ya damu. Damu ya karatasi kwa mtu wa miaka 41 mara nyingi ni mchaniko au bawasiri, lakini “mara nyingi” haitambuliki kwa barua. Panga siku ndani ya wiki mbili tatu hizi, hakuna haja ya kukimbia usiku.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi kuliko foleni yake. Utalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, umefunikwa shuka, na kinachofunuliwa ni makalio tu. Daktari ataanza kwa kutazama, akitenganisha makalio taratibu. Mchaniko wengi wao huonekana hapo bila kuingiza chochote, na mara nyingi uko katikati upande wa nyuma, unaoelekea mkiani. Ukionekana na unauma, mwambie asiingize kidole siku hiyo, au apake jeli ya ganzi kwanza. Una haki ya kusema hivyo, na una haki ya kuomba mtu wa jinsia yako au msindikizaji chumbani. Mchaniko ukiwa pembeni badala ya katikati, au ukiwa zaidi ya mmoja, au hauumi, atatafuta sababu nyingine kama ugonjwa wa Kroni unaovimbisha utumbo kwa muda mrefu, kifua kikuu, kaswende, VVU au saratani. Kama hakuna mchaniko unaouma, kidole kitapima ukuta wa puru, tezi dume na ile misuli ya pembeni. Misuli hiyo ikiuma inapovutwa, na wewe huwa na maumivu mazito ya kugugumia yanayozidi nusu saa hasa ukikaa, huo ni ugonjwa mwingine wa sakafu ya nyonga, na matibabu yake ni mazoezi ya kuilegeza.

Kuhusu saratani: uvimbe wa puru hauna desturi ya kukuamsha kwa dakika 12 kisha kukuacha mzima. Hujitangaza kwa damu inayorudiarudia au iliyochanganyika na kinyesi, tabia ya choo iliyobadilika kwa wiki kadhaa, hisia ya kutomaliza haja, kupungua uzito au damu kupungua mwilini. Ukiwa na mojawapo, au mzazi au ndugu wa damu aliwahi kuugua saratani ya utumbo mpana, sema mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kwani kipimo cha kamera kitahitajika hata kama mchaniko umeonekana.

Kabla ya kwenda, andika kwa kila tukio mambo machache: saa yalipoanza na yalipoisha, haja ya mwisho kabla yake ilikuwa saa ngapi, haja iliyofuata iliumaje, na siku ya pili ukiwa umekaa ulihisi nini. Lako la mwisho lingesomeka hivi: dakika 12, hakuna haja karibu yake, asubuhi haja bila shida, mchana hakuna kitu. Mstari huo mmoja una faida kwa daktari kuliko neno “kisu”.

Usisubiri siku uliyopangiwa ikiwa maumivu yamekaa saa 24 bila kuachia na yanazidi, ikiwa kuna uvimbe wa moto au homa ya nyuzi 38 na kuendelea, ikiwa mkojo umegoma kutoka, au ikiwa sehemu inayogusa kiti imekufa ganzi. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kama una kisukari au kinga yako ni hafifu usingoje hata hizo saa 24, kwa sababu usaha wa eneo hilo huweza kutambaa haraka chini ya ngozi hadi kwenye korodani, wakati mwingine kabla uvimbe haujawa mkubwa wa kuonekana.